Bega na kiwiliwili cha mtupaji wa kasi wa kriketi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtupaji wa kasi, yule anayeitwa bola uwanjani, aliyekwisha kujifunza kutupa na sasa anataka kutupa kwa kasi zaidi bila kukaa nje nusu ya msimu. Humu, *kutupa* ni kazi ya bola: mkono ulionyooka unaozunguka juu ya kichwa. *Kurusha* ni kurudisha mpira kutoka uwanjani, kiwiko kikiwa kimekunjwa. Mifano yote ni ya mtupaji wa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

## Mambo ya msingi

1. Kasi ya mpira inatoka wapi, kama si begani?

Inatoka mbio, kisha mguu wa mbele, kisha kiwiliwili. Unakuja kwa kasi, mguu wa kushoto unatua na kukaza, na mwili uliokuwa unakwenda mbele unakosa pa kwenda isipokuwa kupinduka juu ya mguu huo. Kiwiliwili kinainama mbele kwa nguvu, mkono unafuata nyuma yake ukiwa umechelewa kidogo, na mpira unaachiwa. Toka mguu wa mbele uguse chini hadi mpira utoke mkononi ni kama sehemu ya kumi ya sekunde tu.

Utafiti mmoja wa mwaka 2013 uliopima watupaji 20 wa kasi wa Uingereza ulikuta kwamba mambo manne yanaeleza sehemu kubwa ya tofauti ya kasi kati yao: kasi ya mbio, goti la mbele lililonyooka wakati wa kuachia mpira, kiwiliwili kuinama mbele kwa wingi, na mkono kuchelewa. Nguvu ya bega haimo katika orodha hiyo. Anayetafuta kasi kwa kuvuta kwa bega anakamua chombo kidogo kifanye kazi ya chombo kikubwa.

2. Basi kwa nini bega ndilo linalouma?

Kwa sababu kazi yake ngumu inaanza mpira ukishaondoka. Mkono bado unakwenda kwa kasi ileile na lazima usimamishwe. Wanaousimamisha ni misuli midogo ya nyuma ya bega pamoja na ile inayoshikilia kombe la bega mgongoni. Kiungo chenyewe ni kama goroli juu ya kisosi: kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na pa kukalia ni padogo na hapana kina. Mifupa haikishikilii, misuli ndiyo inayokishikilia.

Misuli ya mbele, yaani ya kifua na ile ya ubavuni inayovuta mkono chini, hukua yenyewe kwa kutupa na kwa pushapu ambazo kila kijana huzipenda. Ya nyuma haikui hivyo. Mtupaji anaongeza injini kila mwaka huku breki zikibaki zilezile, na programu ya bega iliyo chini ni programu ya breki.

3. Kutupa na kurusha, kipi kinaumiza bega zaidi?

Mara nyingi ni kurusha, na hili huwashangaza wengi. Katika kutupa, mkono unazunguka karibu kama gurudumu na kiwiko kimenyooka. Katika kurusha kutoka mpakani, mkono unalala nyuma hadi kiganja kinatazama juu, kisha bega linajipindua kuelekea mbele kwa mwendo ambao ni miongoni mwa ile ya kasi kuliko yote ambayo mwili wa binadamu unaweza kufanya. Hapo ndipo kano za bega zinapobanwa nyuma na kuvutwa mbele.

Tazama kinachotokea klabuni. Bola anamaliza ova zake, anapelekwa mpakani "akapumzike", anasimama nusu saa, jasho linakauka, kisha mpira unamjia na anaurusha mita 60 kwa nguvu zote bila kupasha mwili moto. Akiamka kesho bega linauma, analaumu kutupa. Kwa hiyo hesabu ya kazi ya bega (swali la 13) ni ya mipira uliyotupa na ya ile uliyorusha kwa nguvu.

4. Nitajuaje kama bega langu limebana?

Pima mzunguko wake. Lala chali kwenye benchi au sakafuni, mkono umenyooshwa pembeni usawa wa bega, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, kiganja kikitazama miguuni na vidole juu. Mwenzako aweke kiganja chake juu ya bega lako ili lisinyanyuke. Shusha mkono kuelekea miguuni hadi bega lianze kutaka kunyanyuka, na hapo ndipo pa kusoma. Huo ni mzunguko wa ndani. Halafu upeleke upande wa kichwani, ndio mzunguko wa nje. Simu yenye programu ya kupimia mteremko, ikilazwa juu ya mkono chini ya kiwiko, inatosha kusoma nyuzi. Pima mikono yote miwili.

Kosa la kawaida ni kutazama mzunguko wa ndani peke yake. Tuseme mkono wa kulia una nyuzi 45 ndani na 105 nje, jumla 150, na wa kushoto una 60 ndani na 90 nje, jumla pia 150. Hapo hakuna tatizo. Waliorusha tangu utotoni, mfupa wenyewe wa mkono umekua umejipinda kidogo, na mzunguko umehama tu bila kupungua. Lakini kulia kukiwa na 35 ndani na 105 nje, jumla inakuwa 140 dhidi ya 150. Umepoteza nyuzi 25 za ndani na umefidia 15 tu nje. Wataalamu wengi huanza kuwa macho jumla inapopungua kwa zaidi ya nyuzi 5, hasa mzunguko wa ndani ukiwa umepungua kwa 18 hadi 20 au zaidi. Mwenye bega la namna hiyo asome swali la 7.

Usipime siku ya pili baada ya mechi. Bega huwa limebana kwa muda, na utajitisha bure.

## Mazoezi ya bega

5. Ni mazoezi gani hasa, na mara ngapi kwa wiki?

Matano, siku 3 kwa wiki, kama dakika 20.

La kwanza, lala kwa ubavu wa kushoto, taulo iliyokunjwa kati ya kiwiko cha kulia na mbavu, kiwiko nyuzi 90, dambeli ya kilo 1 hadi 3 mkononi. Nyanyua mkono kuelekea juu, kisha ushushe kwa kuhesabu sekunde 3. Seti 3 za marudio 12. Taulo inasaidia kuzuia kiwiko kisikimbie mbele, na kule kushuka taratibu ndiko kunakojenga breki. Anayeacha dambeli ianguke amefanya nusu ya zoezi, tena nusu isiyo na maana kubwa.

La pili, funga bendi ya mpira mbele yako usawa wa kifua. Nyanyua kiwiko usawa wa bega, kimekunjwa nyuzi 90, kisha zungusha mkono nyuma hadi vidole vitazame juu. Rudi polepole. Seti 3 za marudio 8 hadi 10. Hili lifanye baada ya wiki 2 au 3 za lile la kwanza, kwa kuwa mkono uko juu zaidi na bega dhaifu hulalamika.

La tatu, lala kifudifudi na unyanyue mikono miwili kwa mshazari, kama herufi Y, vidole gumba juu, shingo imelegea. Seti 2 za marudio 10. Mikono mitupu inawatosha wengi. Ukisikia kazi shingoni badala ya chini ya kombe la bega, umenyanyua sana.

La nne ni pushapu yenye nyongeza: ukifika juu usiishie hapo, sukuma ardhi zaidi hadi makombe ya mabega yaachane na mgongo wa juu uvimbe kidogo. Seti 3 za 10. La tano ni kuvuta dambeli au bendi kwa mkono mmoja kuelekea kiunoni, seti 3 za 8, na hapa tumia uzito wa kweli.

Ongeza uzito pale tu marudio yote ya seti ya mwisho yanaposhuka kwa sekunde 3 bila kuchezacheza. Kutoka kilo 2 hadi 3 kwa zoezi la kwanza ni hatua kubwa, na sioni sababu ya bola kuvuka kilo 4 hapo. Uzito ukizidi, bega linaanza kusaidiwa na mgongo.

6. Sina jimu. Nitumie nini?

Tyubu ya baiskeli iliyokatwa kwa urefu inafanya kazi ya bendi. Ya baiskeli ya kawaida ni ngumu kwa zoezi la pili kwa wanaoanza, kwa hiyo ichane katikati. Chupa ya maji ya lita 1.5 iliyojaa ni kilo moja na nusu. Kagua tyubu kila wiki kwa kuivuta mwangani. Ikionyesha mipasuko midogo, itupe kabla haijakatika usoni mwako.

7. Ninyooshe bega? Lini?

Ukilipima na kukuta limepungua (swali la 4), nyoosha baada ya mazoezi au jioni. Zoezi ninalolipendekeza ni kuvuta mkono mbele ya kifua: egemea ukuta au mlango kwa ukingo wa kombe la bega ili lisitembee, kisha tumia mkono wa pili kuuvuta mkono wa kulia upite mbele ya kifua. Sekunde 30, mara 4. Unatakiwa kuhisi mvuto nyuma ya bega. Ukihisi mbano mbele, acha, umekaa vibaya au bega lina jambo jingine.

Kama jumla ya mizunguko ni sawa kwa mikono yote miwili, usinyooshe. Vilevile usimruhusu mwenzako kukuvuta mikono nyuma kabla ya mechi, mchezo ambao bado unaonekana viwanjani. Unalegeza sehemu ya mbele ya bega, ambayo kwa mrushaji tayari imelegea vya kutosha.

8. Kabla ya kutupa nifanye nini?

Kimbia hadi utoke jasho jepesi. Kisha vuta bendi kwenda nyuma mara 15, zungusha bega nje kwa bendi mara 15, piga pushapu zenye nyongeza 8. Halafu rusha: mita 15 mara 5 kwa ulaini, mita 25 mara 5, mita 40 mara 3. Malizia na mipira 12 ya kutupa, ya kwanza kwa hatua chache, ya mwisho kwa mbio kamili. Ukiwa mpakani na hujaguswa na mpira kwa muda mrefu, zungusha mikono na uvute bendi fupi uliyoweka mfukoni. Nahodha atacheka, mwache acheke.

## Kiwiliwili

9. Nafanya sitapu 100 kila asubuhi. Hazitoshi?

Hazihusiani sana na kazi yako. Mguu wa mbele unapotua, ardhi inakurudishia nguvu ya mara 5 hadi 7 ya uzito wa mwili wako, na wakati huohuo kiwiliwili chako kimeinama kushoto, kimejipinda na kimelala nyuma kidogo. Kiuno kinachokunjika hapo kinapoteza kasi na kubana pingili za chini upande wa kushoto (swali la 16). Kazi ya kwanza ya kiwiliwili ni kutokubali kukunjika. Kazi ya pili ni kuinama mbele kwa ghafla pale unapotaka wewe.

Kwa kazi ya kwanza yapo mazoezi matatu, siku 3 kwa wiki. Planki ya ubavu, sekunde 30 kila upande mara 3, ukipanda taratibu hadi sekunde 45 na mguu wa juu umenyanyuliwa. Kulala chali, mikono juu na magoti nyuzi 90, kisha kushusha mkono wa kulia na mguu wa kushoto pamoja huku kiuno kimegandamana na mkeka, mara 8 kila upande. Na bendi iliyofungwa pembeni yako usawa wa kifua: simama ubavu kwa bendi, ishike kwa mikono miwili, sukuma mikono mbele na usikubali kugeuzwa, mara 10 kila upande.

Dalili kwamba uko tayari kuendelea ni planki ya ubavu ya sekunde 45 pande zote mbili bila nyonga kushuka. Upande mmoja ukiwa dhaifu waziwazi kuliko mwingine, upe huo seti moja zaidi. Huwa ni kawaida kwa watupaji.

10. Nguvu ya ghafla naijengaje?

Kwa mpira mzito wa mazoezi, na kosa la karibu kila mtu ni kuchukua mzito mno. Kwa watupaji wengi kilo 2 hadi 3 zinatosha. Ukitupa wa kilo 6, mwendo unakuwa wa polepole na umegeuka zoezi la nguvu ya kawaida. Kila tupo liwe la kasi unayoiweza yote. Marudio 5 tu kwa seti, pumziko la dakika moja hadi moja na nusu. Mpira ukianza kugonga ukuta kwa sauti ya chini kuliko mwanzo, seti imekwisha hata kama umefika 3.

Kuna matupo matatu, seti 3 kila moja, siku 2 kwa wiki. La ubavu: simama ubavu kwa ukuta, kama mita moja na nusu, mpira usawa wa nyonga. Nyonga inageuka kwanza, kifua kinafuata, mikono mwishoni. Mwenzako aangalie kitovu chako: kikigeuka pamoja na mabega kwa wakati mmoja, umerusha kwa mikono. La pili, nyanyua mpira juu ya kichwa na uupige chini mbele ya miguu, tumbo likikunjika kwa nguvu. La tatu linafanana zaidi na kutupa: piga hatua, mguu wa kushoto ukaze goti bila kukunjika, kisha tupa mpira kwa mikono miwili kutoka juu ya kichwa kwenda ukutani. Ukiona goti linalainika, punguza ukubwa wa hatua.

Fanya haya mwanzo wa mazoezi ukiwa hujachoka, na si siku uliyotupa mipira mingi. Asiye na ukuta imara awe na mwenzake mita 6 mbele, na mpira uache udunde kwanza. Kuudaka ukiwa hewani ni njia nyepesi ya kuvunja kidole.

11. Na miguu?

Mguu wa mbele ndio nguzo, kwa hiyo ipe miguu siku 2: skwoti, kunyanyua uzito kutoka chini, na hatua za mbele zenye uzito, seti 3 za marudio 5 hadi 8. Ongeza kuruka kutoka kisanduku kifupi cha sentimita 30 na kutua kwa mguu wa kushoto bila goti kukimbilia ndani, mara 5 kwa seti 3. Mechi nyingi za Afrika Mashariki zinachezwa juu ya zulia lililotandikwa kwenye saruji. Ukitua huko, ardhi haikupi msamaha wowote, na kama una nafasi ya kutupa mazoezini kwenye nyasi, itumie.

## Ratiba na hesabu ya mipira

12. Wiki yangu iweje?

Kwa anayecheza mechi moja ya ova 20 kila Jumapili: Jumatatu hatupi, anatembea au kuogelea. Jumanne ni mipira mizito, miguu, kisha bega na planki. Jumatano neti, mipira 36, na planki. Alhamisi bega na miguu myepesi. Ijumaa mipira mizito kwa muda mfupi, kisha neti, mipira 24, planki, na mazoezi ya bega kwa seti moja pungufu. Jumamosi mapumziko. Jumapili ova 4, yaani mipira 24, na 12 ya kupasha moto. Jumla ya kutupa ni 96.

Seti za bega zinafanywa *baada* ya kutupa, kamwe si saa moja kabla. Breki zilizochoka ni mbaya kuliko breki ndogo.

13. Mipira mingapi ni mingi?

Idadi peke yake haijibu. Kinachoumiza zaidi ni kuruka ghafla kutoka uliyozoea. Tafiti za watupaji wa kasi wa Australia zilionyesha kwamba anayetupa katika wiki moja zaidi ya mara 2 ya wastani wake wa wiki 4 huwa na hatari kubwa zaidi ya kuumia wiki inayofuata. Nyingine zilionyesha kwamba mzigo mkubwa sana wa mechi moja ndefu unaweza kudai deni lake wiki 3 au 4 baadaye, wakati umekwisha kuusahau.

Mchukue kijana wa miaka 20 wa Dar es Salaam mwenye ratiba ya swali la 12. Wastani wake ni mipira 96. Klabu inapata mashindano ya mechi 5 ndani ya wiki moja. Kila mechi ni mipira 24 na 12 ya kupasha moto, hiyo ni 180. Ongeza neti moja ya 36, inakuwa 216. Ukigawanya 216 kwa 96 unapata 2.25. Anaingia wiki hiyo akiwa juu ya mara 2, na kwenye karatasi amecheza "ova 4 tu kwa siku".

Akipewa taarifa wiki 5 kabla, apande hivi: 110, 125, 140, 155, 170. Wiki 4 za mwisho zina wastani wa takriban 148, na 216 ukigawanya kwa 148 ni 1.46. Wiki ya 170 aipange mipira iishe mapema, ili siku 3 za mwisho kabla ya mechi ya kwanza asitupe. Asipopewa taarifa mapema, mimi ningefuta ile neti ya 36, nipunguze kupasha moto hadi mipira 8, na nimwombee apumzike mechi moja. Hapo ni mechi 4 kwa mipira 32, jumla 128, na uwiano ni 1.33.

Kipimo hiki si sheria. Kuna wanaovuka 2 na wasiumie, na wanaoumia wakiwa 1.1. Lakini daftari lenye safu mbili, mipira iliyotupwa na mirusho ya nguvu kutoka mbali, hukuonyesha jambo ambalo kumbukumbu haikuonyeshi. Mipira ya neti iandikwe pia. Klabu zenye mabola wachache huwamaliza kwenye neti, kwa kuwa kila mpigaji anataka kutupiwa.

14. Mwanangu ana miaka 14. Aanze programu hii?

Mazoezi ya bega kwa kilo 1 na ya swali la 9, ndiyo. Mpira mzito uwe wa kilo 1. Muhimu kwake ni kikomo cha ova. Mwongozo wa bodi ya kriketi ya Uingereza na Wales uliotumika kwa miaka mingi uliwawekea watupaji wa kasi wa chini ya miaka 13 ova 5 mfululizo na 10 kwa siku, na wa chini ya 15 ova 6 mfululizo na 12 kwa siku. Ukitumia huohuo hutakosea sana. Tatizo la vijana hawa ni kwamba mwenye kipaji huchezea shule, klabu na timu ya mkoa, na kila kocha anahesabu ova zake tu. Mzazi ndiye mwenye daftari.

## Maumivu na hali za pekee

15. Maumivu gani ya bega niyaache yapite, na yapi nisiyaache?

Uchovu wa misuli nyuma ya bega unaoisha ndani ya siku 2 ni wa kawaida. Maumivu yanayoanza mpira wa kwanza na kuzidi, yanayokuamsha usiku ukilalia upande huo, au yaliyodumu zaidi ya wiki, yapeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Mkono unaokufa ganzi ghafla unaporusha, bega linalohisi kama linatoka mahali pake, au kushindwa kunyanyua mkono baada ya kuanguka, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Bega linalouma kidogo mara nyingi linaweza kuendelea kutupa likiacha kurusha. Mwambie nahodha akuweke karibu, ndani ya duara. Usimeze dawa ya maumivu ili utupe. Inakunyang'anya taarifa pekee uliyo nayo.

16. Kiuno kinauma upande wa kushoto, na mimi natupa kwa mkono wa kulia. Ni msuli?

Usidhani hivyo. Kwa mtupaji wa kasi aliye chini ya miaka 25, maumivu ya upande mmoja wa kiuno, upande usio wa mkono wa kutupa, yanayozidi unapojinyoosha nyuma, yachukuliwe kuwa ufa wa mfupa hadi ithibitike vinginevyo. Ufa huo hutokea kwenye daraja jembamba la pingili za chini, hasa ya 4 na ya 5, kutokana na mbano wa swali la 9. Ulimkuta Dennis Lillee, mtupaji wa kasi wa Australia, mwaka 1973, na zama za kisasa hazijaufuta.

Eksirei ya kawaida mara nyingi haiuoni mwanzoni, kwa hiyo majibu safi ya eksirei hayakuruhusu kutupa. MRI ndiyo inayouonyesha mapema. Acha kutupa siku hiyo. Ukikamatwa kabla haujakomaa, mfupa una nafasi nzuri ya kuunga. Kurudi kutupa huchukua miezi kadhaa, mara nyingi zaidi ya 4, na maumivu huisha mapema sana kuliko mfupa unavyopona. Ndiyo maana wengi hurudi mapema na kuuvunja tena.

Kocha naye atazame kama mabega na nyonga zinaelekea pande tofauti mguu wa nyuma unapotua, kisha mabega yanarudi nyuma kabla ya kutupa. Mtindo huo mchanganyiko ni mmoja wa visababishi vinavyojulikana zaidi. Hakuna planki itakayoufidia.

17. Nilikaa nje miezi 2 kwa sababu isiyo ya jeraha. Narudije?

Wastani wako sasa ni karibu sifuri, kwa hiyo hesabu ya swali la 13 haisaidii wiki ya kwanza. Anza na siku 3 zisizofuatana, mipira 12 kila siku, mbio fupi. Wiki ya pili 18, ya tatu 24 kwa mbio kamili. Kuanzia ya nne ongeza kama sehemu ya kumi kwa wiki. Kurusha kuanzie mita 20 na kusivuke mita 40 hadi wiki ya nne.

18. Mimi ni spina. Haya yananihusu?

Bega, ndiyo, pengine kuliko mtu wa kasi. Spina hutupa mipira mingi zaidi, na anayezungusha kwa kifundo cha mkono hulipinda bega kwa nguvu kila mpira. Shane Warne alifanyiwa upasuaji wa bega lake la kutupia mwaka 1998. Fanya swali la 5 lote, swali la 9, na matupo ya ubavu ya swali la 10. Yale ya juu ya kichwa yanaweza kungoja.

19. Nitupe mipira ya kriketi iliyoongezwa uzito ili nipate kasi?

Mpira wa wanaume una gramu 156 hadi 163. Katika besiboli, vijana waliofunzwa kwa mipira iliyozidi uzito walipata kasi, na pia waliumia zaidi kuliko wenzao. Mabega yao yalilegea kwa nje haraka kuliko misuli ilivyoweza kufuata. Kwa mtu mzima mwenye kocha anayehesabu kila mpira, ukizidi kwa gramu chache, ni jambo la kujadiliwa. Kwa aliye chini ya miaka 18, au asiye na misimu 2 ya mazoezi ya swali la 5, jibu langu ni hapana.